Usiku Mmoja wa Mwaka Mpya Jambiani

Kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, vyumba vya pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Paje hadi Jambiani, hugombaniwa. Wiki hizo chache, pamoja na zile za Julai na Agosti, ndizo zinazoilisha nyumba ndogo ya wageni mwaka mzima. Masika yakishika, wageni huadimika, na baadhi ya nyumba hufunga milango mpaka mvua zipite. Kwa hiyo tangazo la ofa ya sizoni hubeba riziki ya mwenye nyumba na akiba ya mgeni kwa pamoja.

Chukulia nyumba ya mfano, yenye vyumba 6. Tangazo lake linasema hivi: "Chumba cha watu wawili ni shilingi 180,000 kwa usiku. Bei ni ya chumba, si ya mtu. Kifungua kinywa, kodi na tozo zote zimo. Bei hii ni ya tarehe 20 Desemba hadi 5 Januari."

Maneno "si ya mtu" yanaonekana madogo, lakini yakikosekana ugomvi huanzia mapokezi. Baba aliyekuja na mkewe amepiga hesabu ya 180,000, mhudumu anadai mara mbili yake, na mizigo imeshateremshwa. Tozo nazo ni vivyo hivyo: Zanzibar hutoza kila mgeni kwa kila usiku anaolala, na tangazo lisiposema kama tozo imo, mgeni hukutana nayo siku ya kuondoka.

Sharti linalowaudhi wengi ni lile la kulala usiku usiopungua 5. Mgeni anayetaka kuupokea mwaka mpya ufukweni, kisha arudi Dar es Salaam kwa boti, huona anabanwa bure. Lakini mtazame mwenye vyumba 6. Akimuuzia mgeni huyo usiku wa tarehe 31 peke yake, anapata 180,000. Kesho yake inapigwa simu na familia inayotaka chumba kuanzia tarehe 28 hadi asubuhi ya tarehe 2 Januari, yaani usiku 5, shilingi 900,000. Haiwezekani tena, chumba kimekatwa katikati. Hoteli ya vyumba 100 ingewahamishia kwingine. Yeye hana kwingine.

Sharti hilo humgeukia pia aliyeliweka. Mgeni mmoja akiondoka tarehe 28 na mwingine akiingia tarehe 31, katikati zinabaki usiku 3 ambazo kwa sharti la usiku 5 hakuna anayeruhusiwa kuzinunua. Mwenye nyumba mzoefu huongeza mstari mmoja: nafasi ya katikati ikibaki wazi siku 10 kabla, inauzwa hata kwa usiku mmoja. Mgeni wa safari fupi auulizie mstari huo kabla hajakata tamaa.

Kughairi ndiko kunakohitaji tarehe kamili. Tangazo likisema "siku 30 kabla ya kufika", kila mtu huhesabu kwake: mmoja anaiingiza siku ya kufika, mwingine anaiacha. Ni bora uthibitisho wa nafasi utaje tarehe zenyewe. Ile familia ya tarehe 28 Desemba ingeandikiwa hivi: malipo ya awali ni asilimia 30, yaani 270,000. Ukighairi hadi mwisho wa siku ya tarehe 28 Novemba, unarudishiwa zote. Ukighairi baada ya hapo hadi tarehe 14 Desemba, malipo ya awali hayarudi. Tarehe 14 ndiyo mwisho wa kumaliza 630,000 zilizobaki, na baada yake hakuna kinachorudishwa.

Mtoto akiugua na familia ikaghairi tarehe 10 Desemba, inapoteza 270,000 na haidaiwi zaidi. Ikighairi tarehe 20, zinakwenda 900,000 zote. Hapo ndipo sharti linapokuwa kali kupita haki, kwa sababu mwisho wa Desemba chumba kilichoachwa mara nyingi hupata mtu mwingine, na mwenye nyumba angelipwa mara mbili kwa kitanda kimoja. Tangazo la haki huahidi kwamba usiku utakaouzwa tena utarudishiwa fedha yake. Zikiuzwa usiku 3, familia inarudishiwa 540,000.

Upande wa pili, mwenye nyumba ajihadhari na kubadilisha tarehe. Mgeni aliyechelewa kughairi anaweza kuomba asogezwe hadi Februari, kisha wiki moja baadaye aghairi nafasi hiyo mpya na kudai fedha zote, kwa kuwa Februari bado iko mbali. Dawa yake ni sentensi moja kwenye uthibitisho: anayehamisha tarehe bado anabanwa na masharti ya tarehe ya kwanza.