Kwa nini mawimbi ya kimbunga huchelewa kufika pwani

WAKAZI wa Masasi na Newala wako mbali na bahari, lakini Aprili 2019 nao waliguswa na tahadhari iliyotolewa kwa Mkoa wa Mtwara kuhusu Kimbunga Kenneth. Usiku wa Aprili 24 kimbunga hicho kilipita kaskazini mwa kisiwa cha Ngazija, Komoro, na jioni ya Aprili 25 kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Kutoka Ngazija hadi Mtwara ni takribani kilometa 370. Swali ni hili: wimbi kubwa linalozaliwa huko saa sita usiku litafika Mtwara saa ngapi?

Jibu linategemea ni kasi gani inayotumika, kwani wimbi la bahari ya kina lina kasi mbili. Ya kwanza ni kasi ya kilele kimoja kimoja, ambayo wanafizikia huiita kasi ya awamu. Ya pili ni kasi ya kundi zima la mawimbi, na hiyo ndiyo inayobeba nguvu.

Katika maji ya kina, kasi ya kilele kwa meta kwa sekunde hupatikana kwa kuzidisha 1.56 kwa idadi ya sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kingine. Wimbi la sekunde 12 lina urefu wa meta 225, na kilele chake hukimbia meta 18.7 kwa sekunde, yaani kilometa 67 kwa saa. Kwa kasi hiyo lingefika Mtwara saa 11:30 alfajiri.

Lakini halifiki. Dhoruba haizalishi wimbi la aina moja, bali mchanganyiko wa mawimbi marefu na mafupi, na marefu hukimbia zaidi. Tabia hiyo huitwa mtawanyiko.

Chukua mawimbi mawili tu, la sekunde 12 na la sekunde 13. La pili lina urefu wa meta 264 na hukimbia meta 20.3 kwa sekunde. Pale vilele vyao vinapokutana, bahari huinuka zaidi. Hapo ndipo katikati ya kundi. Kilele kinachofuata nyuma cha wimbi refu kiko meta 39 nyuma ya kile cha wimbi fupi. Kwa kuwa kina kasi zaidi, hukifikia baada ya takribani sekunde 25, na mkutano mpya hutokea kati ya vilele hivyo vya nyuma.

Katika sekunde hizo 25, kila kilele cha wimbi fupi kimesogea karibu meta 468. Lakini mkutano umehamia kwenye kilele kilichokuwa meta 225 nyuma, hivyo wenyewe umesogea meta 243 tu. Hiyo ni takribani nusu.

Kwa hiyo kundi la mawimbi ya sekunde 12 husafiri kilometa 34 kwa saa, na kufika Mtwara yapata saa 5 asubuhi. Mawimbi ya sekunde 8 hufika baadaye zaidi, karibu saa 10:30 jioni.

Hatari iko katika pengo hilo. Mvuvi anayepiga hesabu kwa kasi ya vilele atakuta bahari imetulia alfajiri, aone tahadhari ni ya uongo, kisha aingize chombo majini saa chache kabla ya mawimbi kufika. Dalili ya kutazama ni muda kati ya mawimbi yanayopasuka ufukweni. Mawimbi ya dhoruba ya mbali huanza kufika yakiwa yameachana sana, kisha muda huo hupungua kadiri saa zinavyopita.

Mkazi wa Newala au Masasi anaweza kuliona jambo hili kwenye bwawa lililotulia. Atupe jiwe la ukubwa wa ngumi, kisha akifuate kilele kimoja kwa macho. Kilele huzaliwa nyuma ya duara la mawimbi, hupita katikati na kufifia mbele, huku duara lenyewe likisonga polepole. Vijiwimbi vyenye urefu chini ya sentimeta 2 visitumike, kwa sababu huongozwa na mvutano wa uso wa maji na kundi lake hukimbia kuliko vilele.

Kanuni ya nusu ina mpaka wake. Inafaa pale kina cha maji kinapozidi nusu ya urefu wa wimbi, yaani meta 112 kwa wimbi la sekunde 12. Tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyotoka Sumatra na kuua watu hadi Dar es Salaam, ilikuwa na urefu mkubwa kiasi kwamba bahari nzima kwake ilikuwa maji ya kina kifupi. Kwa wimbi la aina hiyo kilele na kundi husafiri karibu kwa kasi ile ile, inayofikia kilometa 700 kwa saa penye kina cha meta 4,000, na hakuna nusu ya muda ya kusubiri.