Kilo Moja na Nusu kwa Wiki Kumi na Mbili

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, kikundi kimoja cha mazoezi mjini Chake Chake kilihitimisha mpango wake wa wiki 12 wa kupunguza mafuta ya mwili. Masheha walihudhuria, na mbele ya meza yao ilisimamishwa baiskeli mpya, zawadi ya mwanachama aliyepungua kilo nyingi kuliko wenziwe. Mwalimu wa kikundi, ambaye kwa desturi si mtu wa maneno mengi, alisimama, akawaomba radhi wageni, kisha akatangaza kwamba baiskeli ile haitatolewa kwa kilo.

Minong'ono ilizuka. Mwalimu akamwita mama mmoja, mpishi wa chapati, ambaye alikuwa ameridhia habari zake zisemwe hadharani.

"Ndugu zangu," alisema, "mama huyu alianza na kilo 91. Jana alikuwa na kilo 89 na nusu. Wiki ya nane alinijia akilia, akitaka kuacha, kwa sababu mizani ilikuwa haijasogea kwa siku 20. Lakini kiuno chake kilichokuwa sentimita 106 leo ni 100. Tulipoanza, aliinuka kitini mara 8 kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Leo ameinuka mara 13."

Akaeleza sababu. Mama yule alipoteza mafuta na wakati huohuo akajenga misuli ya mapaja na mgongo, na mizani haiwezi kutofautisha kilo ya mafuta na kilo ya misuli. Hata maji huihadaa. Kila gramu ya wanga ambayo mwili huiweka akiba hushika takriban gramu 3 za maji, na kwa hiyo anayepunguza wali na mkate ghafla hupungua upesi katika wiki ya kwanza, akadhani ni mafuta. Akirudia mlo wake, maji nayo hurudi. Mafuta yanayodhuru zaidi ni yale yanayozunguka ini na matumbo, na hayo hupungua kwa mazoezi hata pale uzito unapobaki palepale.

Mwalimu hakumpamba mama yule kupita kiasi. Mwongozo wa afya uliotolewa Uingereza mwaka 2022 unashauri kiuno kisifikie nusu ya urefu wa mtu. Mama ana urefu wa sentimita 158, hivyo safari yake bado ni ndefu. Alipoulizwa mwenyewe amepata nini, alijibu kwamba kwa miaka miwili alikuwa akisali juu ya kiti, na sasa anasujudu na kuinuka bila ya kushika ukuta.

Kisha yakaja maneno mazito. "Yupo mwenzetu, sitamtaja, aliyepungua kilo 9. Alikula mara moja kwa siku, na kabla ya kupimwa alikimbia amevaa koti la mvua ili atoke jasho. Kiuno chake kimepungua sentimita 2 tu. Alikuwa akiinuka kitini mara 17, leo ni 14. Amepoteza maji na misuli. Nikimpa baiskeli, nitakuwa nimewafundisha nyote njia yake."

Hapa nasi tuna neno. Ofisi zetu kadhaa huandaa mashindano ya kilo kwa watumishi wake, na nia ni njema. Lakini zawadi ya kilo humzawadia anayejinyima, ilhali futi kamba ya fundi cherehani ni rahisi kuliko mizani yoyote.

Hata futi kamba ina masharti yake, na mwalimu alikiri kosa lake mwenyewe. Vipimo vya wiki ya nne vilitupwa vyote, kwa kuwa msaidizi mmoja alipima kwenye kitovu na mwingine juu yake. Tangu hapo kipimo huchukuliwa katikati ya ubavu wa chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, juu ya ngozi wala si juu ya kanga, asubuhi kabla ya kula, mtu akiwa ametoa pumzi kwa kawaida. Hupimwa mara mbili, na tofauti ikizidi sentimita 1, hurudiwa.

Mzee mmoja alisimama akasema shinikizo lake la damu limeshuka na sasa anataka kuacha vidonge. Mwalimu alimkatiza kwa adabu: "Mzee wangu, hilo ni la daktari. Nenda na daftari lako la vipimo, na vidonge uendelee navyo mpaka yeye aseme."

Sheha akauliza baiskeli ifanyweje. Ilikubaliwa ipigiwe kura baina ya waliohudhuria angalau siku 30 kati ya 36 za mazoezi, nao walikuwa 17. Kura ikamwangukia mvuvi mmoja ambaye tangu wiki ya pili hakupanda mizani hata mara moja.