Joto Linavyoila Betri ya Risasi kutoka Ndani

Mafundi wa sola wa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, wanaijua vizuri lawama hii: betri imenunuliwa mpya, ikawasha taa na televisheni vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ikaanza kulegea, na kabla ya mwaka wa tatu haujaisha imekufa. Mwenye betri huamini ameuziwa bidhaa feki. Zipo feki sokoni, lakini hata betri halali kabisa inaweza kufa hivyo Lodwar, mji ambao joto la mchana hukaribia nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Miaka iliyoandikwa na kiwanda kwenye karatasi ya betri ilipimwa kwa nyuzi 20 au 25.

Kinachowachanganya watu ni kwamba betri yenye joto hufanya kazi vizuri zaidi. Asidi yake hupita kirahisi kati ya mabamba, na umeme unaotoka huongezeka kidogo. Gari linalosumbua kuwaka asubuhi ya baridi Nairobi huwaka mara moja likiwa Mombasa. Kwa hiyo mtumiaji hupata dalili njema wakati uharibifu unaendelea ndani, na siku betri inapogoma, hugoma ghafla.

Betri hii ina muundo ule ule alioubuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: mabamba ya risasi ndani ya asidi ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa volti mbili hivi. Ndani ya kila bamba kuna wavu wa risasi. Juu ya wavu huo hupakwa unga laini ulioshindiliwa, na unga ndio unaohifadhi umeme. Kazi ya wavu ni mbili: kuushikilia unga usiporomoke, na kuuchukua umeme hadi kwenye kichwa cha betri. Ukikatika wavu, unga unaweza kuwa mzima kabisa lakini umeme wake hauna njia ya kutokea.

Wavu wa bamba chanya unaishi mahali pabaya. Umezungukwa na asidi, na upande huo wa seli kila kitu kinasukumwa kiungane na oksijeni. Risasi ya wavu hugeuka polepole kuwa oksidi, aina ile ile ya oksidi iliyo kwenye unga wa bamba hilo. Mwanzoni tabaka hilo jembamba la oksidi husaidia, kwa kuwa huikinga risasi iliyo chini yake. Shida ni kwamba oksidi huchukua nafasi kubwa kuliko risasi iliyoizaa, zaidi kwa karibu theluthi moja. Tabaka linavyonenepa hupasuka, asidi hupenya kwenye nyufa, na risasi mpya huliwa. Wavu wenyewe huvutwa na kurefuka. Ndiyo maana betri iliyozeeka kwa njia hii huonekana kichwa chake chanya kimesukumwa juu, na mfuniko umepata ufa kukizunguka.

Kuliwa huku hutokea hata kwenye chumba chenye baridi. Joto huongeza kasi tu. Mwaka 1889 mkemia wa Uswidi Svante Arrhenius alieleza namna mwendo wa mabadiliko ya kikemia unavyopanda pamoja na joto. Watu wa betri wameifupisha hesabu hiyo kuwa kanuni moja ya kazi: kila joto la betri likipanda nyuzi 10 hivi, umri wake hupungua kwa nusu. Ni kipimo cha kukadiria, lakini kimethibitika vya kutosha hata watengenezaji wenyewe hukitumia katika vitabu vyao vya maelekezo.

Upande wa pili wa uharibifu ni maji. Umeme wa volti 1.23 unatosha kuyavunja maji yawe haidrojeni na oksijeni, na seli ya risasi ina volti mbili hata ikiwa imekaa tu. Maana yake ni kwamba maji ya betri muda wote yako katika hali ya kuvunjika. Yanabaki kwa sababu mabadiliko hayo, juu ya uso wa risasi, hutokea taratibu mno. Joto huuondoa utaratibu huo. Betri ikishajaa na bado inachajiwa, umeme wa ziada hauna kazi nyingine isipokuwa kuvunja maji, na kila saa moja ya ampea moja ya ziada hupoteza theluthi ya gramu ya maji katika kila seli.

Uharibifu wa wavu na upotevu wa maji hulishana. Oksijeni inayoula wavu hutoka kwenye maji, kwa hiyo kila risasi inapoliwa maji nayo hupungua. Maji yakipungua, asidi inayobaki huwa kali zaidi, na betri inapaswa kufanya kazi katika asidi hiyo kali. Kina kikishuka chini ya ncha za mabamba, sehemu iliyo wazi hukauka na kuharibika, na sehemu iliyobaki ndani hubeba mzigo wote. Hubeba umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, hivyo hupata joto zaidi.

Tuifanyie hesabu betri moja. Tuseme duka dogo la Lodwar lina betri ya kuongezwa maji, ya volti 12 na saa-ampea 100, ambayo kiwanda kinasema itadumu miaka mitano kwa nyuzi 25. Imewekwa ndani ya sanduku la bati lililoegemea ukuta wa mabati. Mchana, ikichajiwa na sola, ina nyuzi 40. Usiku hushuka hadi 30. Kwa kanuni ya nyuzi 10, kwenye nyuzi 40 inazeeka kwa kasi ya mara 2.8, na kwenye 30 mara 1.4. Saa hizo zikigawana siku nusu kwa nusu, wastani ni mara 2.1. Miaka mitano imekuwa miaka miwili na miezi minne, na hapo hatujahesabu uchovu wa kuchajiwa na kutumika kila siku.

Angalia pia kwamba usiku haulipi deni la mchana. Saa moja ya nyuzi 40 huharibu sawa na saa mbili za nyuzi 30, kwa hiyo kinachoamua umri wa betri zaidi ni zile saa za jua kali.

Tuje kwenye maji. Tuseme kidhibiti chaji cha duka hilo kimewekwa kuchaji hadi volti 14.4, kipimo kinachofaa kwa nyuzi 25, na kwa joto hilo umeme wa ziada ungekuwa saa-ampea mbili kwa siku. Seli zote sita zingepoteza kama gramu 120 kwa mwezi, yaani nusu ya kikombe cha chai. Kwa nyuzi 40 na volti zile zile, umeme wa ziada hupanda karibu mara tatu, na maji yanayotoka hukaribia theluthi moja ya lita kila mwezi. Mwenye duka aliyezoea kufungua vifuniko mara moja kila baada ya miezi mitatu atakuta mabamba yako wazi.

Hapo ndipo kosa la pili hufanyika. Mtu akikuta kina kimeshuka, hununua asidi na kuijazia. Lakini kilichotoka ni maji. Asidi yote bado imo ndani. Kuongeza asidi ni kuukoleza mchanganyiko ambao tayari umekolea, na wavu huliwa kwa kasi zaidi. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa, yale ya chupa yasiyo na chumvi, na yaongezwe betri ikiwa imeshajaa, kwa sababu wakati wa kuchaji kina hupanda. Ikiwa mabamba yako wazi, yafunikwe kidogo tu kwanza, betri ichajiwe, ndipo ijazwe hadi alama.

Betri zilizofungwa, ambazo wengi huziita kavu, hazina mlango huo. Kwa kawaida gesi zake hurudi kuwa maji ndani kwa ndani. Joto likizidi, gesi huwa nyingi kuliko zinavyoweza kurudi, vali hufunguka, na maji yaliyotoka ndiyo yametoka. Haiongezwi kitu. Ikikauka, ukinzani wake hupanda, na ikiendelea kusukumiwa chaji inaweza kupata joto hadi sanduku livimbe.

Fundi makini hutofautisha aina hizi za kifo. Betri ambayo wavu wake umekatika huweza kuonyesha volti 12.6 kwenye multimita ikiwa imekaa, halafu ikaanguka chini ya 10 mara tu ikiwekewa mzigo. Iliyokolea asidi husomwa kwa haidromita: betri iliyotayarishwa kwa nchi za joto, ikiwa imejaa chaji, husoma karibu 1.24, na ikisoma 1.30 imepoteza maji au imejaziwa asidi.

Dawa ya kwanza ni kidhibiti chaji chenye kipima joto. Hushusha volti kwa milivolti tatu hadi tano kwa kila seli kila joto linapopanda nyuzi moja. Kwa betri ya duka letu, milivolti nne zikizidishwa kwa seli sita na nyuzi 15 hutoa volti 0.36, hivyo kikomo kinashuka kutoka 14.4 hadi karibu 14.0. Waya wa kipimo ugusishwe na betri yenyewe, kwa kuwa kipimo kilicho ndani ya kidhibiti husoma joto la kidhibiti. Volti zisishushwe kupita hapo: betri isiyojaa hutanda fuwele ngumu za salfati kwenye mabamba, na hilo ni kifo kingine.

Marekebisho hayo hupunguza chaji ya ziada, lakini joto lenyewe linabaki. La kulipunguza ni mahali pa kuiweka. Betri ikitolewa kwenye sanduku la bati na kuwekwa sakafuni upande wa ndani wa ukuta mnene, kwenye kivuli na matundu ya hewa juu na chini, inaweza kubaki kwenye nyuzi 32 badala ya 40 wakati wa jua. Matundu hayo pia hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa kasi ya kuzeeka, nyuzi nane hizo za mchana, hata usiku ukibaki na nyuzi 30 zile zile, humpa mwenye duka karibu mwaka mmoja juu ya ile miwili na miezi minne.

Mwaka huo una uzito wa risasi pia. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri kama hii ni risasi, na kila inayokufa mapema hupelekwa kuyeyushwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa risasi hadi kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Duka linalobadilisha betri kila baada ya miaka miwili na ushee hupeleka kwenye tanuru mara mbili ya risasi ambayo lingepeleka kama betri ingefikisha miaka yake mitano.