Oboke si duka la asali

Mwanafunzi wangu wa zamani alinijia mwaka jana na swali ambalo sikuwahi kulifundisha darasani. Alikuwa anafungua duka la vitabu na vifaa vya shule mjini Keroka. Mkopo wa chama ulikuwa umekwisha kulipia pango na madaftari, na sasa mchoraji wa mabango alikuwa akingojea jina. Yeye alitaka duka liitwe Oboke. Mkewe alitaka jina la Kiingereza. "Mwalimu, wageni watalielewa?" aliniuliza.

Oboke kwa Ekegusii ni asali, ndiyo maana Nyaboke ni jina la binti. Alipokuwa mtoto huko Nyamira, mwenzetu huyu alitia mkono katika mzinga wa babu yake, akarejea nyumbani uso umefura lakini sega hajaliachilia. Kaka yake akambandika lakabu hiyo, nayo ikamganda. Kaka huyo sasa ni marehemu. Nikatambua kwamba hatukuwa tukijadili bango peke yake.

Wageni nao si watu wa kufikirika. Keroka imepandia mpaka wa Kisii na Nyamira, katika barabara iendayo Sotik, na siku ya soko Mkipsigis na Mgusii hupanga bei pamoja. Nikafanya jaribio dogo, ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya: niliwapigia simu marafiki kadhaa wasiojua Ekegusii, nikalitamka jina mara moja tu, nikawaomba waliandike.

Baadhi yao waliandika "Owoke". Sababu yake yajulikana katika isimu. Sauti /b/ ya Ekegusii, ikiwa kati ya irabu, hutamkwa midomo ikikaribiana bila kufungana, hivyo sikio la mgeni husikia "w" au "v". Isitoshe, Ekegusii kina irabu saba lakini huandikwa kwa herufi tano. "E" na "o" kila moja hubeba sauti mbili. Kwa msomaji wa bango hilo si tatizo. Kwa mtu aliyeelekezwa kwa simu, akalitafuta duka kwa maandishi, ni tatizo kubwa: ataandika alichosikia, asilipate. Nilimshauri jina liandikwe kwa namna moja tu kila mahali, pamoja na lile linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa kwa M-Pesa, maana mteja akiona jina tofauti na la mlangoni, huingiwa na shaka.

Nilipowauliza wanadhani maana yake ni nini, rafiki yangu wa Kisumu alisema bila kusita: ni jina la mwanamume. Si ajabu. Majina mengi ya wanaume, ya Kijaluo na ya Kigusii pia, huanza na "O". Basi mgeni hakukwazwa hata kidogo. Alilichukua kuwa ni jina la mwenye duka, na kwa hakika hakukosea. Aliyekwazwa ni mwenyeji! Mama mmoja wa sokoni aliposikia Oboke alitaka kujua kilo ni bei gani.

Hapo ndipo nilipoiona hofu yetu imekaa upande usio wake. Tazama Shabana, timu ya Kisii iliyorithi jina la duka la vifaa vya ujenzi. Neno hilo halina maana yoyote katika Ekegusii. Hata hivyo, timu iliporudi ligi kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17, Gusii nzima ililiimba kama jina la ukoo. Lina silabi tatu, zote zenye irabu "a". Hakuna anayekosea kuliandika. Maana ilikuja baadaye, uwanjani.

Sheria nayo humpendelea mwenye lakabu. Keroka Bookshop, mojawapo ya majina aliyoyataka mke, lingeeleweka mara moja, lakini chini ya Sheria ya Alama za Biashara jina la mahali ni gumu kulimiliki peke yako. Jirani aweza kuandika lake karibu sawa na lako. Neno lisiloieleza bidhaa hulindwa kwa urahisi zaidi. Oboke kwa vitabu lafaa. Kwa muuza asali lisingefaa.

Mke hakuridhika mara moja, nami sikumlaumu. Mkopo ni wao wawili. Walipatana kuandika "Oboke" kwa herufi kubwa, na chini yake "Vitabu na Vifaa vya Shule". Mchoraji, kwa wema wake, alikuwa amekwisha kuchora nyuki pembeni. Wakamlipa tena ili amfute, achore kalamu.