Barua kwa Msambazaji wa Dawa

"Chupa sita za amoksilini ya watoto zina vifuniko vilivyopasuka na unga wake umeganda. Amlodipini imebakiza miezi miwili kuisha muda." Mwenye duka la dawa akianza hivyo, kisha akataja namba ya bechi na ya ankara na kuambatisha picha, msambazaji hana pa kukwepea. Unga ulioganda ni dalili kwamba unyevu umeingia. Dawa hiyo haifai kumpa mtoto. Amlodipini bado ni nzima, ila mgonjwa wa presha huchukua ya mwezi mzima, hivyo shehena kubwa itaozea rafuni. Aombe ibadilishwe au fedha zirudishwe. Kasoro ziandikwe kwenye hati ya mapokezi kabla dereva hajaondoka, na mzigo utengwe, usiuzwe.