Saa 10.30: Asubuhi au Jioni?

Siku chache kabla ya kongamano, ratiba mara nyingi bado imo ndani ya simu ya katibu, vipande vipande. Kipande kimoja kimekuja kwa wasapu, kingine kwa barua pepe, na cha tatu mwenyekiti alikisema kwa mdomo huku akielekea kwenye gari. Tuchukue mfano wa kongamano la siku moja la walimu wa sayansi. Mistari imefika hivi:

> Ufunguzi saa 3 kamili, ukumbi mkubwa, mgeni rasmi. Chai saa 4 hadi 4 na nusu.
> Maabara ya gharama nafuu, mwalimu wa Tanga, 10.30, chumba B, dk 45.
> Warsha ya vifaa vya kupimia, chumba B, saa 5 hadi 6 na nusu, mkaguzi.
> Mhadhiri wa mazingira awekwe mara baada ya chai, dk 45.
> Jopo ukumbi mkubwa saa 8 mchana mpaka 9 na nusu. Kufunga saa 10.

Kabla ya kupanga chochote, nakili kila mstari kama ulivyo kwenye safu ya mwisho ya jedwali, uiite Chanzo. Mtoa mada akija kulalamika kwamba hakusema hivyo, utajua pa kutazama.

Kazi ngumu kuliko zote ni muda. Sisi tunahesabu saa tangu alfajiri, simu inahesabu tangu usiku wa manane, na watu wale wale huandika leo hivi, kesho vile. Kwa shughuli za mchana kutwa, saa ya Kiswahili huongezwa sita: saa 3 ni 09:00, saa 8 ni 14:00. Sasa itazame ile 10.30 ya mwalimu wa Tanga. Ikiwa ni saa kumi na nusu ya Kiswahili, mada yake itaanza saa 16:30, wakati kongamano limeshafungwa nusu saa nzima. Kwa hiyo yaelekea aliandika kwa saa ya simu: 10:30 asubuhi, chai ikiisha tu. Hata hivyo hilo ni kisio. Liandike, lipake rangi ya njano, kisha umpigie simu mwenyewe.

Muda nao ugawe safu mbili, kuanza na kumaliza, kwani mwanzo peke yake hauonyeshi migongano. Andika 10:30 kwa nukta mbili. Ukiweka nukta moja, Excel aghalabu huichukulia kuwa namba ya kawaida wala si saa.

| Kuanza | Kumaliza | Kikao | Chumba | Mtoa mada |
|---|---|---|---|---|
| 09:00 | 10:00 | Ufunguzi | Ukumbi mkubwa | Mgeni rasmi |
| 10:00 | 10:30 | Chai | | |
| 10:30 | 11:15 | Maabara ya gharama nafuu | B | Mwalimu wa Tanga |
| 10:30 | 11:15 | Mazingira | | Mhadhiri |
| 11:00 | 12:30 | Warsha ya vifaa | B | Mkaguzi |
| 14:00 | 15:30 | Jopo | Ukumbi mkubwa | |
| 16:00 | | Kufunga | | |

Vikao viwili vya wakati mmoja vinapata mistari miwili, na muda unarudiwa. Usiunganishe visanduku ili jedwali lipendeze: ukiviunganisha, halitapangika upya.

Chumba B kimeingiwa mara mbili, kuanzia 11:00 hadi 11:15. Katika mistari saba jicho linaona. Katika sabini halioni. Ikiwa safu zimeanza A mpaka E kama hapo juu, andika hii pembeni ya mstari wa pili na uivute chini:

```
=COUNTIFS(D:D,D2,A:A,"<"&B2-1/2880,B:B,">"&A2+1/2880)
```

Jibu likiwa 1, kikao kiko peke yake chumbani. Likiwa 2, kuna mgongano. Likiwa 0, chumba au muda wa kumaliza haujajazwa. Pengo liache wazi, usiweke alama ya kuuliza, kwa sababu Excel huisoma alama hiyo kama herufi yoyote moja, na itakutajia mgongano na chumba B usiokuwepo.

Badili D iwe E, upate mtoa mada aliyepangiwa vikao viwili kwa wakati mmoja. Hapa majina husumbua: mtu aliyeandikwa mahali pamoja na cheo, pengine kwa herufi za mwanzo tu, kompyuta humhesabu watu wawili. Sawazisha majina kwanza.

Mgongano wa chumba B hautatuliwi na fomula. Warsha inataka meza na umeme, mada ya maabara inataka ukuta wa projekta tu. Ikiwa chumba C kipo wazi, ihamishe mada.

Likishakaa sawa, unganisha safu mbili za muda kwenye nakala ya kuchapa, na juu uandike kama ni saa ya Kiswahili au ya simu. Jedwali la kazi lipange kwa chumba, ukate karatasi za kubandika milangoni. Kisha lipange kwa mtoa mada, umtumie kila mmoja mstari wake authibitishe.