Dhahabu ya Mkopo na Riba Yake

Dhahabu hukopwa kama fedha zinavyokopwa. Mwenye tofali za dhahabu ghalani humpa benki kwa mwezi mmoja, miezi mitatu au mwaka, na muda ukiisha hurudishiwa uzito uleule pamoja na malipo ya kuikosa mali yake kwa kipindi hicho. Malipo hayo, yakihesabiwa kwa asilimia ya thamani ya dhahabu kwa mwaka, ndiyo huitwa kiwango cha ukodishaji wa dhahabu. Jina hilo linapotosha kidogo. Aliyekodi nyumba huirudisha nyumba ileile, lakini dhahabu iliyokodishwa huuzwa, huyeyushwa au husafirishwa, na inayorudi ni nyingine yenye uzito na usafi uliokubaliwa. Ni kama unga wa jirani: haurudi uleule, hurudi kibaba kwa kibaba. Neno linalostahili ni kukopa.

Wakopeshaji wakubwa tangu zamani ni benki kuu. Dhahabu iliyolala haizai riba, na kuitunza kuna gharama, kwa hiyo benki kuu yenye akiba London huweza kuikopesha ili ijilipie angalau ulinzi. Wakopaji ni wa aina kadhaa. Kiwanda cha kusafisha dhahabu huwa na mali nyingi iliyo njiani kati ya tanuri na mteja, na kukopa humwezesha mwenye kiwanda kuendelea na kazi bila kuinunua yote kwa fedha yake na kubeba hatari ya bei kushuka. Mtengeneza vito ana haja kama hiyo. Benki za biashara hukopa ili kutimiza ahadi za kukabidhi dhahabu ambayo bado haijawafikia.

Siku za kawaida mkopo huu ni rahisi mno. Tofali la kawaida la London lina wakia zipatazo 400, yaani kilo 12 na nusu hivi. Bei ikiwa dola 2,800 kwa wakia, tofali moja lina thamani ya dola 1,120,000. Kwa kiwango cha asilimia 0.2 kwa mwaka, kulikopa kwa siku 30 hugharimu dola 187 tu, sawa na senti 47 kwa kila wakia. Kiwango kikipanda hadi asilimia 5, tofali lilelile kwa siku zilezile 30 hugharimu dola 4,667, au karibu dola 12 kwa wakia. Bei ya dhahabu yenyewe haijabadilika hata senti. Kilichopanda ni gharama ya kuwa nayo sasa badala ya mwezi ujao.

Kiwango hicho mara nyingi hakitangazwi, bali hukokotolewa. Anayehitaji dhahabu kwa mwezi mmoja anaweza kuinunua leo kwa dola na papo hapo kuweka mkataba wa kuiuza tena baada ya siku 30 kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Kwa kufanya hivyo anapoteza riba ambayo dola zake zingepata, lakini kwa kawaida anafidiwa, kwa sababu bei ya kukabidhi baadaye huwa juu kuliko bei ya leo. Riba ya dola ikiwa asilimia 4.3 kwa mwaka na bei ya baadaye ikiwa juu kwa kiasi cha asilimia 4.1, gharama halisi ya kuwa na dhahabu ni ile tofauti, asilimia 0.2. Kuanzia 1989 soko la London lilikuwa likitangaza kila siku ya kazi kiwango cha bei ya baadaye, kikijulikana kama GOFO, na yeyote aliweza kufanya hesabu hiyo ya kutoa. Utangazaji huo ulikoma Januari 2015. Tangu hapo hesabu hufanywa kutokana na bei wanazopeana wafanyabiashara wenyewe.

Hesabu hiyo inaonyesha pia dalili ya uhaba. Dhahabu ya leo ikitafutwa sana, bei ya leo huikaribia ya baadaye, kisha huipita. Bei ya baadaye ikiwa chini ya ya leo kwa asilimia 0.7 kwa mwaka na riba ya dola ikibaki asilimia 4.3, kiwango cha ukodishaji kinakuwa asilimia 5. Hali kama hiyo ilionekana London mwishoni mwa Januari 2025, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu wakati ule dhahabu haikuwa imepungua duniani. Ilikuwa mahali pasipotakiwa.

Maghala ya London yalikuwa na tani zaidi ya 8,500. Hata hivyo tani hizo si akiba ya yeyote anayebisha hodi. Sehemu kubwa ni mali ya benki kuu za nchi mbalimbali, iliyohifadhiwa katika Benki Kuu ya Uingereza, na sehemu nyingine ni ya mifuko ya uwekezaji ambayo kwa kawaida haikopeshi. Inayozunguka kweli sokoni ni kidogo, na ndiyo inayobeba mauzo yote ya kila siku. Wafanyabiashara wengi hata hawamiliki tofali lenye namba. Wana salio katika akaunti ya benki, yaani wanaidai benki wakia kadhaa bila kutengewa tofali lolote. Salio hilo linatosha mpaka siku wengi watakapotaka chuma chenyewe.

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024, ilienea hofu kwamba ushuru mpya wa forodha ungeigusa hata dhahabu. Bei ya mikataba ya baadaye katika soko la COMEX la New York ikaanza kuipita bei ya London, na ilifika wakati pengo likazidi dola 40 kwa wakia, ilhali kwa kawaida ni dola chache. Pengo hilo liliwabana wenye desturi ya zamani. Benki nyingi hushika dhahabu London na kuuza mikataba New York ili zijikinge na mabadiliko ya bei. Pengo likipanuka, hasara ya New York haifidiwi na faida ya London. Njia ya kujinasua ni kuipeleka dhahabu yenyewe New York na kuikabidhi.

Hapo ndipo kukopa kulipoingia. Asiye na chuma mkononi alikikopa London. Lakini tofali la wakia 400 halikubaliwi kwa mkataba mkuu wa COMEX, unaotaka la wakia 100 au vipande vitatu vya kilo moja moja. Ilibidi tofali za London ziende kwenye viwanda vya Uswisi ziyeyushwe na kumiminwa upya, kisha zipandishwe ndege. Hata kwa kiwango cha asilimia 5, mkopo wa mwezi uligharimu dola 12 hivi kwa wakia, na ukitoa hiyo katika pengo la dola 40 bado zilibaki fedha za kusafirisha, kuyeyusha na faida. Kwa maneno mengine, kiwango kilipanda kwa sababu wenye dhahabu walijua mkopaji anavuna kiasi gani, wakadai sehemu yao. Dhahabu katika maghala ya COMEX ilitoka chini ya wakia milioni 20 kabla ya uchaguzi hadi zaidi ya milioni 40 kufikia Aprili 2025.

Kwa kawaida riba ikipanda wakopeshaji hujitokeza na uhaba hupungua. Safari hii kulikuwa na foleni mlangoni. Kuitoa dhahabu Benki Kuu ya Uingereza, kazi ya siku chache, kulichukua wiki nne hadi nane. Naibu gavana Dave Ramsden alieleza hadharani kwamba dhahabu ni kitu kizito na nafasi za kuitoa zilikwishajaa. Matokeo yake, tofali lililokuwa ndani ya Benki Kuu liliuzwa kwa bei ya chini kidogo kuliko tofali la aina ileile lililokuwa kwenye ghala jingine jijini humo. Mkopeshaji hata akikubali leo, mali iliyokwama nyuma ya foleni ya wiki sita haimsaidii anayetakiwa kukabidhi baada ya wiki mbili. Aprili 2025 serikali ya Marekani iliiweka dhahabu ya aina hiyo kando ya ushuru mpya, pengo la bei likafifia, na haja ya kukopa ikapungua nalo.

Uhaba wa 1999 ulitokana na sababu nyingine: wakopeshaji ndio waliorudi nyuma. Katika miaka ya 1990 migodi iliuza mapema dhahabu ambayo bado haijachimbwa. Benki iliyoinunua ilikopa dhahabu kwa benki kuu, ikaiuza siku hiyohiyo, ikaweka dola zipate riba, na ikangoja mgodi ukabidhi ili ilipe deni. Mara nyingi mgodi uliahidi kwa miaka, lakini mkopo uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa miezi michache na ulihitaji kuhuishwa tena na tena.

Tarehe 26 Septemba 1999, benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza mjini Washington kwamba mauzo yao hayatazidi tani 400 kwa mwaka katika miaka mitano, na kwamba hazitaongeza ukopeshaji. Katika siku chache kiwango cha mkopo wa mwezi mmoja kilivuka asilimia 9. Bei nayo, iliyokuwa chini ya dola 270 kwa wakia, ilifika takriban 325 mwanzoni mwa Oktoba, kwa kuwa walioahidi kukabidhi walikimbilia kununua. Kampuni ya Ashanti Goldfields ya Ghana ilijikuta mikataba yake ya kujikinga ina hasara ya dola milioni 450 hivi, na benki zikidai dhamana ambayo haikuwa nayo. Wakati huo ilikuwa ikijenga mgodi wa Geita huko Tanzania. Mwaka 2000 iliuza nusu ya mgodi huo kwa AngloGold.

Anayesoma viwango hivi hutazama kwanza umbo lake. Kiwango cha mwezi mmoja kikiruka huku cha mwaka kikisogea kidogo tu, soko linaamini kikwazo kitaondoka baada ya muda mfupi. Vyote vikipanda pamoja, wakopeshaji wenyewe wanajiondoa. Pia kiwango kilichokokotolewa kinaweza kushuka chini ya sifuri bila mtu yeyote kugawa dhahabu bure. Mwishoni mwa 2011 dola zilikuwa adimu kwa benki za Ulaya, na benki hizo zilitoa dhahabu kwa muda ili zipate dola. Kilichokuwa haba wakati huo ni dola, na dhahabu ilikuwa tele.